Bango la taka wodini: rangi ngapi zinatosha?

Katika ndoo zote za taka zilizopangwa wodini, nyekundu ndiyo inayowachanganya watu zaidi. Mwongozo wa taifa wa Tanzania wa kinga na udhibiti wa maambukizi umeitenga kwa taka zenye maambukizi makali, kama vile kondo la nyuma na viungo vilivyokatwa. Mtu asiyefundishwa, hata hivyo, huiona nyekundu akafikiria hatari, na hatari anayoijua yeye ni sindano. Basi sindano inaingia kwenye ndoo nyekundu. Siku ya pili mfanya usafi anauinua mfuko ule kwa mkono, ukiegemea paja lake.

Hapo ndipo bango linapotakiwa kusaidia. Watu wanaoshughulikia usafi wa hospitali hawabishani kama bango lipo au halipo, kwa kuwa karibu kila wodi ina kitu kilichobandikwa ukutani juu ya ndoo. Wanabishania bango hilo liseme nini. Wapo wanaotaka lionyeshe rangi zote za mwongozo. Wapo wanaotaka makundi matatu tu: ncha kali, taka zenye maambukizi na taka za kawaida. Na wapo wanaosema bango ni la kupamba ukuta, kwamba kinachoamua taka iende wapi ni ndoo yenyewe na mahali ilipowekwa. Uchambuzi huu unazipima hoja hizo tatu kwa wodi ya mji kama Tukuyu, wilayani Rungwe, ambako wagonjwa wanatoka kata za jirani kama Bulyaga, ndugu ndio wanaoleta chakula, na mvua inazidi milimita 2,000 kwa mwaka. Mvua na chakula vina uzito katika suala hili kuliko inavyodhaniwa.

## Rangi zisizokubaliana

Hakuna rangi za taka za hospitali zinazofanana dunia nzima. Shirika la Afya Duniani, katika kitabu chake cha usimamizi wa taka za huduma za afya ambacho toleo lake la pili lilitoka mwaka 2014, linapendekeza njano kwa karibu kila taka hatarishi ya wodini: ncha kali, taka zenye maambukizi, hata viungo vya mwili. Kinachozitofautisha ni aina ya chombo na maandishi yaliyo juu yake. Kahawia ni ya kemikali na dawa zilizokwisha muda, na nyeusi ni ya taka za kawaida.

Tanzania ilitwaa njano kwa taka zenye maambukizi na nyeusi au bluu kwa taka za kawaida, kisha ikaongeza nyekundu kwa zile kali zaidi. Kenya nayo inatumia nyeusi, njano na nyekundu kwa mpangilio unaokaribiana na huo. Nje ya Afrika Mashariki mambo hubadilika ghafla. Marekani, mfuko mwekundu ndio wa taka zenye maambukizi kwa jumla. India, kwa kanuni zake za mwaka 2016, nyekundu ni ya plastiki zilizochafuka ambazo zitatakaswa na kurejelezwa, kama mipira ya dripu na mabomba yaliyotolewa sindano, na ncha kali za chuma zina chombo cheupe. Uingereza ina chungwa na hata mfuko wenye mistari ya njano na nyeusi.

Tofauti hizi zingekuwa habari za mbali kama mabango, vifaa na walimu wasingesafiri. Ila wanasafiri. Ndoo zinatolewa msaada na wafadhili wa nchi mbalimbali. Mtu anayeandaa bango anachukua picha iliyochorwa kwingine, anatafsiri maneno na kuacha rangi zilivyo. Bango la namna hiyo laweza kuwa sahihi kabisa lilikotoka na likawa kosa wodini, na muuguzi aliyelisoma kwa makini ndiye atakayekosea kwa uhakika zaidi.

Alama nayo ina mkanganyiko wake. Ile ya pete zilizopishana, inayoashiria hatari ya kibayolojia, ilibuniwa mwaka 1966 na Charles Baldwin wa kampuni ya Dow Chemical ya Marekani pamoja na wenzake. Waliitafuta alama inayokumbukika kwa urahisi lakini isiyo na maana yoyote kichwani mwa mtazamaji, ili watu wafundishwe maana yake upya. Maabarani, ambako kila anayeingia amefundishwa, hilo lilifaa sana. Mama aliyekuja kumuuguza mumewe kutoka kijijini hajafundishwa. Kwake alama ile ni ua.

## Hoja ya bango kamili

Wanaotetea bango lenye rangi zote wana sababu nzito. Wauguzi na wahudumu hawakai wodi moja. Leo wapo wodi ya wanaume, mwezi ujao wako wodi ya wazazi. Bango moja linalofanana hospitali nzima, na ikiwezekana nchi nzima, linamwepusha mtu kujifunza upya kila anapohama.

Mkoa wa Mbeya, ambamo Rungwe imo, una historia ya karibu katika hili. Mwaka 2007 Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilikuwa ya kwanza nchini kujaribu mfumo wa 5S kutoka Japani, ambao kwa Kiswahili hatua zake zimejulikana kama Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha na Shikilia. Kuweka lebo kwenye kila chombo na rangi moja kwa kazi moja ni sehemu ya hatua hizo, na kutoka Mbeya mfumo ulienezwa katika hospitali nyingine. Sanifisha maana yake hasa ni kwamba nyekundu ya wodi hii iwe nyekundu ya wodi ile.

Hoja ya pili ni ya milipuko. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulithibitishwa mkoani Kagera, na Januari 2025 ukathibitishwa tena mkoani humo. Katika wodi ya kutenga wagonjwa wa namna hiyo, karibu kila kinachotoka kwa mgonjwa ni taka yenye maambukizi makali, pamoja na sahani aliyolia chakula. Wafanyakazi ambao hawajawahi kuitumia ndoo nyekundu hawawezi kuanza kuijifunzia siku hiyo.

Udhaifu wa bango kamili unaonekana pale linaposomwa na mtu aliyeshika kitu mkononi. Ana sekunde chache. Bango lina rangi zote za mwongozo, kila rangi ina orodha ya vitu vinane au kumi kwa herufi ndogo, na vitu vingi havipo kabisa katika wodi yake. Wodi ya magonjwa ya ndani haitoi kondo la nyuma wala vioteshwa vya maabara. Ndoo nyekundu ikiwekwa hapo kwa kuwa bango linaitaja, itakaa tupu, na ndoo tupu wodini haikai tupu siku mbili. Itajazwa na chochote, na hasa na kile ambacho mtu anadhani ni cha hatari. Hivyo bango linaloeleza kila kitu laweza kulizaa kosa lilelile lililokusudia kulizuia.

## Hoja ya makundi matatu

Upande wa pili unajiegemeza kwenye kipimo cha kimataifa. Shirika la Afya Duniani na UNICEF, wanapopima kama kituo cha afya kina huduma ya msingi ya taka, wanauliza kama taka zinatengwa katika angalau vyombo vitatu, na kama ncha kali na taka zenye maambukizi zinatibiwa na kuteketezwa kwa usalama. Vitatu ndiyo sakafu ya kipimo hicho.

Sababu ya kuwa vitatu ni kwamba kila kimoja kinazuia dhara tofauti. Chombo cha ncha kali kinazuia kuchomwa. Cha njano kinazuia mgusano na damu, usaha na vinyesi vya mgonjwa. Cha nyeusi au bluu kinaokoa fedha na kuni, kwa sababu kila kilichomo hakihitaji kuchomwa kwenye tanuri. Ukiunganisha viwili kati ya hivyo, dhara moja linarudi.

Nguvu ya bango hili ni kwamba msomaji anabaki na maswali mawili tu. Je, kinaweza kuchoma au kukata? Kama ndiyo, kwenye sanduku la ncha kali. Kama hapana, je, kina damu au majimaji ya mwili? Kama ndiyo, njano. Vingine vyote ni vya kawaida. Mtu anaweza kuyabeba maswali hayo kichwani hata bango lisipokuwepo, na mpangilio wake ni muhimu: swali la ncha kali linatangulia la damu, kwa sababu sindano safi iliyoanguka sakafuni bado ni ya sandukuni.

Udhaifu wake uko kwenye vitu visivyo vya kundi moja. Chukua dripu. Wodini inahesabiwa kitu kimoja, ila siku inapoondolewa ina hatima tatu. Sindano ya chuma iliyokuwa ndani ya kanula ilipaswa kuingia sandukuni tangu mshipa ulipopatikana, si kusubiri. Kanula laini ya plastiki inayotolewa mkononi ina damu, nayo ni ya njano, pamoja na mpira ambao mara nyingi damu imepanda ndani yake. Chupa ya maji yenyewe, kama haikuguswa na damu wala kutiwa dawa ya hatari, ni ya kawaida. Muuguzi mwenye wagonjwa wengi usiku huivuta yote na kuitia kwenye njano ikiwa imeunganika: ncha ngumu ya plastiki iliyokuwa imechomekwa chupani inatoboa mfuko, na chupa yenye maji nusu inaongeza uzito.

Kingine ni pampasi. Ya mtoto anayeharisha ni ya njano bila ubishi. Ya mtoto aliyelazwa kwa kuvunjika mguu, hata miongozo inaruhusu iwe taka ya kawaida. Mama anayebadilisha pampasi hawezi kuachiwa uamuzi huo. Wodi inabidi iamue mapema na kuandika jibu moja, hata kama jibu hilo litakuwa na gharama.

## Hoja kwamba bango si kitu

Kundi la tatu linatazama ukuta na kusema tatizo haliko hapo. Kama mifuko ya njano imekwisha stoo na ndoo ya njano imevalishwa mfuko mweusi, bango linasema uongo. Kama sanduku la ncha kali liko chumba cha sindano na mgonjwa yuko kitanda cha mwisho, muuguzi atatembea wodi nzima na sindano iliyotumika mkononi, au ataiweka kwenye trei ya figo pamoja na pamba, na ikifika kwenye ndoo itakuwa imejificha ndani ya pamba hiyo.

Hoja hii ina ukweli mwingi. Utengaji wa taka unafanyika pale taka inapozaliwa, dakika ileile. Taka iliyokwisha kuchanganyika haipaswi kuchambuliwa tena na mtu yeyote. Kwa hiyo ndoo tatu zilizopangwa pamoja mlangoni, chini ya bango zuri, hazitoshi. Sanduku linatakiwa kwenda na toroli ya dawa hadi kitandani, na ndoo ya njano iwe karibu na mahali pa kufungia vidonda.

Hata suala la mifuko lina sura yake ya Tanzania. Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku, na ni rahisi kudhani kwamba mifuko ya taka za hospitali nayo imekwenda. Kanuni zile ziliacha nje vifungashio vya huduma za matibabu na vya usimamizi wa taka. Mfuko wa njano ni halali, na uongozi wa hospitali unaweza kuuagiza bila hofu.

Pale hoja inapopungukiwa ni kwa watu wasiofundishwa. Muuguzi anaweza kuelekezwa kwa mafunzo na kwa mpangilio wa toroli. Ndugu wa mgonjwa hubadilika kila siku. Aliyeelekezwa Jumatatu amerudi Bulyaga, na Jumanne amekuja shangazi. Kwa huyu, kilichoandikwa na kuchorwa kwenye ndoo ndiyo mafunzo pekee atakayopata.

## Sindano haina msamaha

Katika makundi yote, la ncha kali linastahili nafasi kubwa zaidi kwenye bango, kwa sababu kosa lake halirekebishiki. Anayechomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU ana uwezekano wa karibu 3 katika 1,000 kuambukizwa, na dawa kinga zikianzwa mapema, ndani ya saa 72, zinaupunguza sana. Homa ya ini aina B ni kali zaidi katika hili: kwa mtu asiyechanjwa, uwezekano unaweza kufika 30 katika 100, ikitegemea wingi wa virusi katika damu ile. Tanzania iliingiza chanjo hiyo kwa watoto mwaka 2002. Maana yake mfanya usafi mwenye miaka 40 hakuipata utotoni, na kama hajachanjwa kazini, hana kinga anapoubeba mfuko.

Sanduku la usalama, ambalo wodini wengi huliita sefti boksi, kwa kawaida ni la kadibodi ngumu, njano, na lile la lita 5 hupokea takriban mabomba 100 pamoja na sindano zake. Bango linapaswa kusema mambo manne kulihusu, na si zaidi. Bomba na sindano vinaingia pamoja bila kutenganishwa kwa mkono. Kifuniko cha sindano hakirudishwi. Sanduku linafungwa likifika robo tatu. Halifunguliwi tena wala kumwagwa ili litumike upya.

Kila katazo hapo lina sababu inayoonekana. Kurudisha kifuniko ni kuielekeza ncha kwenye vidole vya mkono wa pili, na ni moja ya njia za kawaida za wauguzi kujichoma. Robo tatu imewekwa kwa sababu juu ya hapo mabomba yanakaa wima na sindano zinachungulia tunduni, na mtu anayesukuma la mwisho lishuke anasukuma kwa kidole. Kwa hiyo mchoro wa sanduku kwenye bango uwe na mstari mnene wa robo tatu, na sanduku lenyewe lichorwe mstari huohuo kwa kalamu ya wino mzito siku linapofunguliwa. Vichupa vya dawa vya glasi vilivyovunjwa shingo, nyembe za kunyolea na visu vya upasuaji ni vya humo pia, na hivi ndivyo vinavyosahaulika.

Tukuyu ina hatari yake ya ziada. Kadibodi ikilowa hulegea, kitako kikaachia. Katika mji ambako mvua hunyesha sehemu kubwa ya mwaka, sakafu za wodi hupigwa deki mara kwa mara kwa sababu ya matope, na sanduku lililowekwa sakafuni chini ya meza hunyonya maji kutoka chini bila yeyote kuona. Masanduku yaliyojaa yakisubiri kuchomwa chini ya paa linalovuja yanapata hali ileile. Bango la huku liongeze mstari ambao pengine mabango ya mikoa mikavu hayauhitaji: sanduku likae juu ya meza au kwenye kishikizo cha ukutani, lisiguse sakafu.

## Ganda la ndizi kwenye ndoo ya njano

Kosa la pili kwa ukubwa huonekana halina hatia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban asilimia 85 ya taka za huduma za afya ni za kawaida, na asilimia 15 ndizo hatarishi. Chukua wodi ya kufikirika inayotoa kilo 12 kwa siku. Kwa makadirio hayo kilo 10.2 ni za kawaida na kilo 1.8 ndizo za kuteketezwa. Theluthi moja tu ya taka za kawaida, yaani kilo 3.4, ikiingia kwenye njano, tanuri litapokea kilo 5.2 kwa siku, karibu mara tatu ya zilizohitajika. Hakuna mgonjwa aliyeongezeka wala sindano iliyoongezeka. Imebadilika ndoo tu.

Na hiyo theluthi ya Rungwe si karatasi. Hapa ni kwa ndizi. Ndugu huleta ndizi zilizopikwa, maharage, uji, maparachichi, na mabaki yake ni maji kwa sehemu kubwa. Hospitali nyingi za wilaya na vituo vya afya Tanzania hutegemea matanuri madogo ya matofali yenye vyumba viwili, ya aina iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha De Montfort, Uingereza. Tanuri la namna hiyo linahitaji kufika angalau nyuzi 800 za sentigredi, na linafika huko kwa joto la taka zenyewe zikisaidiwa na kuni au mafuta kidogo ya kuwashia. Maganda mabichi yanapoingia, joto linatumika kwanza kuyakausha. Moto unashuka, moshi mweusi unatoka, na majivu yanatolewa yakiwa na sindano ambazo hazikubadilika na pamba ambayo haikuungua katikati.

Moshi wa joto la chini una ubaya mwingine. Mipira mingi ya dripu ni ya plastiki yenye klorini, nayo ikiungua bila joto la kutosha hutoa sumu za dayoksini. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ambao Tanzania imeuridhia, unazitaja sumu hizo miongoni mwa zile za kupunguzwa, na Tanzania ilikuwa moja ya nchi nne za Afrika, pamoja na Ghana, Madagaska na Zambia, katika mradi wa Umoja wa Mataifa wa kujaribu njia mbadala kama kutakasa taka kwa mvuke. Hata mtambo wa mvuke, hata hivyo, unataka mfuko wa njano wenye kilichostahili kuwemo.

Kosa la kinyume nalo lipo: pamba yenye usaha ndani ya ndoo nyeusi. Mfuko huo unakwenda dampo la mji, ambako watoto, mbwa na watu wanaookota chupa huufungua. Ndiyo maana miongozo husema ukiwa na shaka, ihesabu taka kuwa hatarishi. Kanuni hiyo ni sahihi kwa pamba na glavu. Ikiandikwa kwa herufi kubwa mbele ya ndugu wa wagonjwa, wataitumia kwa kila kitu, kwa kuwa wodini wao wana shaka na kila kitu, na ndoo ya njano itajaa chakula. Hapa kuna kupata na kupoteza, na uamuzi wa busara ni kuwagawa wasomaji: kwa wafanyakazi, shaka iende njano, kwa ndugu, shaka iende kwa muuguzi.

## Kinachobaki baada ya kupima

Hoja zote tatu zikiwekwa pamoja, bango la makundi matatu linazidi mengine kwa wodi za kawaida, kwa masharti. Nyekundu isifutwe hospitalini. Ibaki kwenye bango la wodi ya wazazi, chumba cha upasuaji, maabara na chumba cha kutenga wagonjwa, na ndoo nyekundu ipelekwe huko tu. Kondo la nyuma lina njia yake mpaka kwenye shimo la kondo. Haliungui vizuri kwenye tanuri dogo. Sifa ya kufanana ambayo watetezi wa bango kamili wanaithamini haipotei, kwa kuwa njano inabaki njano na nyeusi inabaki nyeusi kila wodi. Kinachobadilika ni kama safu ya nyekundu ipo au haipo. Mafunzo ya milipuko yafanywe kwenye mafunzo, kwa mazoezi, si kwa kumlazimisha kila anayepita wodini asome orodha ya vitu asivyovishika.

Bango lenyewe lingekuwa na safu tatu, kila safu ikining'inia moja kwa moja juu ya chombo chake, badala ya karatasi moja iliyobandikwa mahali palipokuwa na nafasi. Juu ya sanduku: KINACHOCHOMA AU KUKATA, na chini yake michoro ya bomba lenye sindano, kichupa cha glasi na wembe. Juu ya ndoo ya njano: KILICHOGUSWA NA DAMU, USAHA AU KINYESI CHA MGONJWA, na michoro ya gozi, glavu, mpira wa dripu na pampasi. Juu ya nyeusi au bluu, kutegemea ndoo ambayo hospitali inayo hasa: CHAKULA, KARATASI, CHUPA ZA MAJI, na mchoro wa ganda la ndizi ukiwa wa kwanza, kwa sababu ndicho kitu kinachotupwa vibaya zaidi. Michoro iwe ya vitu vya wodi hiyo. Picha ya chombo cha ncha kali cha plastiki nyekundu, kisichopatikana stoo ya Tukuyu, itamfanya mtu atafute kisichokuwepo.

Jina la rangi liandikwe kwa maneno ndani ya rangi yenyewe: NJANO, NYEUSI. Bango likiisha hutolewa nakala kwenye mashine isiyo na rangi, na hapo njano na nyekundu vyote vinageuka kijivu. Karatasi yenyewe ifunikwe plastiki, maana kuta hufutwa kwa maji ya klorini, na unyevu wa huku hukunja karatasi tupu ndani ya wiki chache. Kwa ndugu wazee wanaozungumza Kinyakyusa kuliko Kiswahili, michoro ndiyo itakayosema. Na muuguzi anayempokea mgonjwa anaweza kuwaonyesha ndoo nyeusi kwa mkono, maneno mawili tu, wakati wa kuwaonyesha kitanda na choo.

Kwa mfanyakazi, safu ya sanduku iongeze namba ya chumba au mtu wa kumwendea papo hapo akichomwa, maana saa 72 huanza kuhesabika wakati ule na dawa kinga hufaa zaidi zikianza katika saa za mwanzo.

Kama bango linafanya kazi, mizani ya stoo itaonyesha kabla ya mtu yeyote kuulizwa maoni. Mifuko ya njano ya wodi ipimwe uzito kwa wiki mbili kabla ya kulibandika na wiki mbili baada, idadi ya wagonjwa ikiandikwa pembeni. Uzito ukishuka bila wagonjwa kupungua, chakula kimeanza kuiacha njano, ila hapo ndoo nyeusi itazamwe kwa juu, kwa koleo na bila kuichambua, kuhakikisha gozi na pamba hazikuhamia humo. Kwa ncha kali, anayechoma taka ndiye shahidi bora kuliko msimamizi: aulizwe kila Ijumaa ni masanduku mangapi yaliyomfikia yakiwa yamepita mstari wa robo tatu, mangapi yamelowa kitako, na kama ameona sindano ikitokeza kwenye mfuko wowote, na kutoka wodi gani. Sindano ikiendelea kutokea kwenye mfuko wa wodi moja, kinachotakiwa kuangaliwa kwanza ni umbali kati ya kitanda na sanduku katika wodi hiyo, na pili ni stoo: kama masanduku yalikuwepo wiki ile.